Uzi: Invoisi moja lugha mbili kwa mteja wa nje, watu watatu tumeielewa vitatu

MikobaYaSinza
Wakuu kwema, naombeni msaada kabla sijamtumia mtu invoisi nyingine. Nashona mikoba ya kitenge hapa Sinza, mteja wangu mkubwa ni dada mmoja Mtanzania yuko Marekani ana kaduka. Yeye anasoma Kiswahili na anapenda karatasi zake ziwe hivyo, ila anayelipa ni mhasibu wake, Mmarekani, hajui hata "mambo". Sasa nikatengeneza invoisi moja lugha mbili, Kiingereza nimekitoa kwenye templeti, Kiswahili nimetafsiri mwenyewe nikiwa na kamusi pembeni.

Mzigo ulikuwa mikoba 24 kwa dola 45, hiyo 1,080, usafiri 140, jumla 1,220. Alishanitangulizia asilimia 40 yaani 488, ikabaki 732. Nikatuma tarehe 5 mwezi wa 6. Siku ya pili yake mhasibu ananiandikia imeili imenyooka kama rula, anauliza iweje invoisi ya mwezi uliopita inamfikia leo ikiwa tarehe ya kulipa imeshafika. Hapo hapo boss wake ananiambia watsapu "tulia mdogo wangu, si umeandika mwenyewe mwezi wa saba". Hela ikaja kuingia tarehe 16 mwezi wa 7, tena imeingia 707 sio 732. Nimechoka. Hivi ndo nilivyoandika:

```
ANKARA Na. 014              05/06/2025
Malipo: baada ya siku 30
Terms: Net 30
Amana 40% / Non-refundable deposit 40%   488.00
VAT 0%
Salio lako / Balance due             USD 732.00
Gharama za benki zitatozwa / Bank charges may apply
```

Halafu mhasibu ameuliza pia kama hiyo "Ankara 014" ni aina ya kitambaa 😂 maana huko nje wanakiita kitenge hivyo.

kijana_wa_ilala
😂😂 mikoba ya kitenge, juu imeandikwa ANKARA, hata mimi ningeuliza mita ngapi

FundiHesabu
Dada kosa lako la kwanza ni dola. Siku hizi ni marufuku kuandika bei kwa dola, zimetoka kanuni mwaka 2025, kila kitu kwa shilingi. La pili hiyo Net 30 umeitafsiri vibaya, net ni kile kinachobaki baada ya makato, kama net ya mshahara. Ungeandika "kiasi halisi baada ya makato, siku 30". Ndo maana wamekukata 25 wakalipa 707, uliwaruhusu mwenyewe.

MzeeWaLeja
FundiHesabu taratibu mkuu. Zile kanuni zinagusa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi, yaani usimtajie mpangaji wa Mikocheni kodi ya nyumba kwa dola. Huyu anauza nje na mlipaji yuko nje, dola yake ni halali kabisa.

Kwenye net nako umeshika mkia ukadhani ndo ng'ombe. Kwenye masharti ya malipo hilo neno halisemi makato. Limetoka kwenye ule mtindo wa zamani wa wauzaji wa jumla, utaona invoisi imeandikwa hivi:

```
2/10, net 30
```

Maana yake ukilipa ndani ya siku 10 unapata punguzo la asilimia 2, ukipitisha hizo siku 10 punguzo limekufa, unalipa kiasi kizima na mwisho wako ni siku ya 30. Hiyo "net" ni kiasi kizima kisicho na punguzo. Watu wakaondoa kipande cha mbele wakabaki na Net 30 tu. Sasa ukiandika kwa Kiswahili "baada ya makato" umempa mlipaji ruhusa ya kukata chochote anachojisikia.

Dada MikobaYaSinza, mimi nimekaa miaka mingi ofisi ya klaringi Kurasini, invoisi za lugha mbilimbili nimeziona mpaka basi. Ya kwako ina makosa kama matano ila lililokuumiza ni moja, neno "baada". Kiingereza chako kinasema siku 30 ndo ukomo, Kiswahili chako kinasema siku 30 zipite kwanza ndo malipo yaanze kufikiriwa. Yule dada hajakudhulumu, amesoma alichoandikiwa. Hapo neno ni "ndani ya".

MikobaYaSinza
Mzee shikamoo, hapo nimekuelewa vizuri mno. Lakini mhasibu yeye alisoma Kiingereza, mbona naye alichanganyikiwa?

MzeeWaLeja
Marahaba. Mhasibu hakukwama kwenye lugha, alikwama kwenye tarehe. Umeandika 05/06/2025. Sisi tunasoma tarehe 5 mwezi wa 6. Mmarekani anaanza na mwezi, kwa hiyo kwake hiyo ni tarehe 6 mwezi wa 5. Hesabu sasa siku 30 kutoka tarehe 6 Mei, unaangukia tarehe 5 Juni, siku ile ile uliyomtumia. Yaani kwake invoisi ilizaliwa ikiwa na ndevu. Na boss wake kasoma kwa macho ya kwetu, 5 Juni kaongeza siku 30 ikawa 5 Julai, halafu hiyo "baada" ikamwongezea uhuru mbele yake.

Tarehe za karatasi inayovuka mpaka mwezi unauandika kwa jina, kila lugha na jina lake, basi. Halafu usimwachie mtu akupigie hesabu, pamoja na siku 30 mwandikie na tarehe yenyewe ya mwisho. Na ukishaipata fungua kalenda uone imeangukia wapi. Hiyo ya kwako 5 Julai 2025 ni Jumamosi, na Ijumaa yake tarehe 4 ni sikukuu yao ya uhuru, mabenki yao yamefunga. Ungemwandikia 3 Julai, Alhamisi, mapema kabisa.

binti_mkalimani
Naongezea kwa Mzee maana mimi kazi yangu ni tafsiri. Kuna mtego mwingine kwenye tarehe ambao watu hawauoni. Ukiandika "kabla ya tarehe 3 Julai" umemwambia mwisho wake ni tarehe 2, tarehe 3 yenyewe haimo. Kiingereza cha invoisi kikisema "by 3 July" tarehe 3 imo. Kwa hiyo mimi huandika "si zaidi ya tarehe 3 Julai" au "ifikapo tarehe 3 Julai". Hiyo "mpaka tarehe 3" ya mtaani inaeleweka lakini wapo wanaobishana nayo, na kwenye hela mtu anayetaka kuchelewa atakubishia hata nukta.

Ila dada mimi kilichonishtua zaidi ni AMANA. Umeitoa kwenye kamusi eeh?

MikobaYaSinza
Ndio, kamusi imeandika deposit ni amana 😭

binti_mkalimani
Kamusi haijakosea, umechukua deposit ya benki ukaipeleka kwenye deposit ya biashara. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, mwenyewe akikitaka unamrudishia. Mtu akikuachia amana ukaila, mtaani una jina lako. Sasa Kiswahili chako kinasema "nimekutunzia 488 zako" na Kiingereza pembeni kinasema hela hairudi. Yule dada siku akighairi oda atakuja na mstari wa Kiswahili, wewe utajibu na mstari wa Kiingereza, na wote mtakuwa sahihi kwenye karatasi moja.

Andika "malipo ya awali". Advansi pia watu wanaelewa ila kwenye karatasi ya heshima malipo ya awali inakaa vizuri. Na hiyo kutorudishwa iseme kwa Kiswahili pia, umeiacha upande wa Kiingereza tu. Tena isiwe tamko la jumla, sema haitarudishwa kuanzia lini. Wewe si unanunua kitenge na kukata kwa oda yake?

MikobaYaSinza
Ndio, nikishakata vitambaa vya saizi yake siwezi kumuuzia mtu mwingine, mikanda yake mirefu halafu anaweka lebo zake

binti_mkalimani
Basi hiyo ndo sababu yako na ndo mstari wako: "Malipo ya awali hayatarudishwa vitambaa vikishakatwa." Mteja haumii akiona sababu, anaumia akiona "hairudishwi" imetupwa tu peke yake.

BabaZai_Mwenge
Wakuu samahani, na mimi nina swali kama hilo hilo. Nauza vinyago pale Mwenge, mzungu akinunua anataka risiti ya Kiingereza na mashine yangu inatoa ya kwake tu, je naruhusiwa kumwandikia kwa mkono?

MzeeWaLeja
BabaZai hilo ni jingine, risiti inatoka hela ikishapokelewa, hapa tunazungumzia invoisi inayoomba hela. Risiti ya mashine mpe kama ilivyo, hiyo ndo ya kikodi. Kama anataka maelezo kwa lugha yake mwandikie karatasi ya pembeni ya maelezo tu, utaje na namba ya ile risiti. Usiibadilishe na ya mkono.

BabaZai_Mwenge
Lakini mzungu anasema haisomeki mzee

kijana_wa_ilala
Hata mimi yangu ya petroli haisomeki, baada ya wiki inakuwa karatasi nyeupe

FundiHesabu
Sawa kwenye net nimekubali. Lakini VAT 0% hapo dada yuko sahihi, mauzo ya nje ni asilimia sifuri, hilo nina uhakika nalo.

MzeeWaLeja
Uko sahihi nusu. Bidhaa inayosafirishwa nje inatozwa kwa kiwango cha sifuri badala ya 18, na ushahidi kwamba imetoka nchini uwe nao. Lakini aliye na haki ya kuandika mstari huo ni aliyesajiliwa VAT. Dada umesajiliwa?

MikobaYaSinza
Hapana mzee, nina tini tu. Mauzo yangu ya mwaka hayafiki hata robo ya kiwango cha kusajiliwa.

MzeeWaLeja
Basi futa huo mstari wote. Kwa mauzo ya kawaida usajili ni lazima ukifikisha milioni 200 kwa mwaka, ilipandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Ukiandika VAT 0% unajitangaza kwamba uko kwenye mfumo wa VAT na umetumia kiwango cha sifuri. Na wala usikimbilie kuandika "msamaha wa VAT", huo nao ni mlango mwingine kabisa. Mwenye kiwango cha sifuri anaweza kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, mwenye bidhaa ya msamaha hadai, na wewe haumo kwenye hao wawili, wewe hujasajiliwa basi. Mteja akiuliza andika "Muuzaji hajasajiliwa VAT" na Kiingereza chake, asipouliza kaa kimya.

wakili_wa_kigamboni
Nimepita nikaona mnajadili jina la juu. Kuna ndugu zangu hawataki ankara wanaandika "hati ya madai". Tafadhali msifanye hivyo, kwetu mahakamani hati ya madai ni ile ya kufungulia kesi. Mteja akikuta imeandikwa hivyo atatafuta wakili kabla ya kutafuta hela.

binti_mkalimani
Mimi nabaki na ankara. Kitambaa ni shida ya Kiingereza sio yetu. Unaandika maneno mawili pamoja kwenye mstari mmoja, ANKARA / INVOICE, mhasibu anaona neno lake anatulia.

kijana_wa_ilala
mimi naandika INVOISI na wateja wangu wote wanaelewa, wa ndani na wa nje, mnajitesa tu

MzeeWaLeja
Kijana hana ubaya hapo. Sasa tumalize ile 25. Hela ya nje ikipita njiani mara nyingi inapita benki ya katikati na kila mmoja anaweza kuchomoa chake. Mlipaji akijaza fomu ya kutuma anachagua nani anabeba hayo makato, utaona herufi tatu: OUR anabeba mtumaji yote, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Mtu asipoambiwa anaacha SHA, ndo ulivyopata 707.

Wewe uliandika "gharama za benki zitatozwa". Zitatozwa na nani, atozwe nani? Kiswahili kinakuruhusu kuficha mtu kwenye kitenzi cha namna hiyo, sentensi inakuwa nzuri na haina mwenyewe. Na Kiingereza chako nacho kimesema tu huenda yakawepo makato. Taja mtu: "Gharama zote za benki zitalipwa na mteja (OUR)." Herufi zenyewe usizitafsiri, ziache hivyo hivyo pande zote mbili pamoja na USD na SWIFT, maana ndo anazoziona kwenye fomu ya benki yake. Sikuahidi itafika kamili kila mara, kuna benki za katikati zinakata hata ukichagua OUR, ila angalau sasa una mstari wa kudai kilichopungua.

MikobaYaSinza
Na mhasibu aliniomba IBAN nikakosa cha kumjibu

MzeeWaLeja
Tanzania hatutumii IBAN. Mpe jina la akaunti kama lilivyo benki, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na SWIFT code ya benki yako, inakuwa na herufi 8 au 11. Namba ya simu ya lipa kwa simu itoe kwenye invoisi ya nje, inawachanganya.

FundiHesabu
Swali langu la mwisho, pande mbili zikipishana ipi inashinda? Maana Kiswahili ndo lugha ya mahakama tangu 2021, kwa hiyo Kiswahili kinatawala kisheria, hamna haja ya kuandika.

wakili_wa_kigamboni
Hapana. Yale mabadiliko ya 2021 yanahusu lugha ya sheria na ya mahakama, hayaamui karatasi ya watu wawili walioandikiana lugha mbili. Kama mnataka moja ishinde mnaandika, na mnaandika mapema kwenye proforma au makubaliano ya oda. Ukiliweka mara ya kwanza kwenye invoisi ya mwisho, kazi imeshafanyika, mwenzako atasema hakuwahi kulikubali. Hivyo hivyo na riba ya kuchelewa kama utaiweka. Na iite riba au tozo ya kuchelewa, faini waachie wenye mamlaka.

binti_mkalimani
Mimi ningesema Kiswahili kishinde. Mwenye mali ni wewe, mteja ni Mtanzania, mlikubaliana watsapu kwa Kiswahili. Kwa nini kila siku sisi ndo tunakuwa tafsiri?

MzeeWaLeja
Binti moyo wangu uko na wewe ila anayebonyeza kitufe cha kulipa anasoma Kiingereza. Ningeandika Kiingereza kishinde nilale.

binti_mkalimani
Basi utalala wewe mzee, mimi siafiki 😄 aliyetoa oda ndo mwenye mkataba, mhasibu ni mlipaji tu.

MikobaYaSinza
Hapo mtabishana mpaka asubuhi, nitamuuliza dada mwenyewe anataka ipi. Nina oda mpya, mikoba 30 kwa 45 ni 1,350, usafiri 150, jumla 1,500. Ameshalipa 600. Na amekubali ile 25 ya nyuma niiweke humu humu. Tarehe 4 Agosti ni Jumatatu, siku 30 zinaangukia 3 Septemba ambayo ni Jumatano, nimeangalia kalenda 😅. Namba nimeziandika mara moja tu kulia, zisije zikapishana kati ya lugha na lugha.

```
ANKARA / INVOICE  Na./No. 015
Tarehe: 4 Agosti 2025 / Date: 4 August 2025

Jumla / Total                              USD 1,500.00
Malipo ya awali yaliyopokelewa /
Deposit received                               - 600.00
Salio la nyuma / Previous balance                 25.00
Kiasi kinachodaiwa / Amount due              USD 925.00

Kiasi chote kilipwe ndani ya siku 30, si zaidi ya
tarehe 3 Septemba 2025.
Net 30. Payment due no later than 3 September 2025.

Gharama zote za benki zitalipwa na mteja (OUR).
All bank charges to be paid by the client (OUR).

Malipo ya awali hayatarudishwa vitambaa vikishakatwa.
The deposit is non-refundable once fabric has been cut.
```

kijana_wa_ilala
sasa hii hata mimi nalipa

MzeeWaLeja
Nzuri mno. Ila hiyo "salio la nyuma" itoe. Salio kwa watu wetu ni kile ulichonacho, salio la simu, salio la benki. Ile ya kwanza uliandika "salio lako 732" kwenye karatasi ya kudai, mtu angeweza kudhani ana 732 zake kwako. Na "la nyuma" mhasibu hatajua la lini, atakuuliza tena. Taja karatasi yenyewe: "Baki la ankara Na. 014", na chini yake "Unpaid balance, invoice No. 014", aifungue aone 732 na 707 mwenyewe.

MikobaYaSinza
Nimebadilisha. Nimeambatanisha na ile taarifa ya benki inayoonyesha 707. Natuma sasa hivi, kwao bado asubuhi.

BabaZai_Mwenge
Dada ukimaliza naomba hiyo templeti, niweke vinyago